Tui Lililolala Karibu na Moto

Huko Murara, mtaa wa Goma, kulikuwa na mama mmoja aitwaye Dancille ambaye alikuwa hawezi kupita karibu na sufuria bila kuifunua. Sufuria yake au ya jirani, ilikuwa mamoja. Alifunua, akanusa, akafunika, akaendelea na safari yake. Watu walimcheka, lakini walikula kwake. Resto yake, mkahawa mdogo, ilikuwa chumba kimoja cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, meza nne, pazia la kitenge mlangoni, na nyuma yake jiko lenye ukuta uliokuwa na joto mchana na usiku. Wali wake wa nazi haukuwa na mwenzake Goma nzima. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, aliwakaanga, kisha akawamalizia ndani ya tui hadi mchuzi ukashika kijiko.

Ujuzi huo aliutoa Uvira, alikokaa miaka ya ujana wake na marehemu mumewe, dereva wa lori. Huko nazi zilikuwa chakula cha kila nyumba. Goma nazi ni mgeni. Zinakuja kutoka pwani ya mbali, juu ya malori yanayopita mpakani Bunagana, na barabara ikifungwa hazionekani wiki kadhaa. Kwa hiyo Dancille alipozipata alizinunua nyingi, akazitikisa moja moja sikioni asikie maji, akazivunja, akazikuna kwa mbuzi wake wa chuma, akakamua. Na hapo ndipo alipokuwa mkali. Nazi iliyo katika kifuu chake huvumilia safari ndefu, lakini ikishakunwa haina subira. Ikiachwa imerundikana kwenye beseni hupata joto lenyewe kwa lenyewe, huanza kuteleza vidoleni, ikanuka kama sabuni ya zamani. Tui nalo, ukilikamua asubuhi ukaliacha mezani, mchana linaanza kuuma ulimi. Basi lile ambalo halikuingia chunguni saa hiyo hiyo, Dancille alilimimina kwenye sashe za plastiki, akazifunga, akazilaza bapa ndani ya kongelateri, lile sanduku jeupe la barafu ambalo marehemu alimnunulia. Bapa, ili baridi ilifikie lote haraka. Nazi iliyokunwa pia aliigandisha hivyo hivyo. Ufunguo wa kongelateri aliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Haya yote hakumfundisha mtu. Wasichana waliomsaidia walikuna na kuosha. Kukamua alikamua mwenyewe, na kugandisha aligandisha mwenyewe, mgongo wake ukiwa umewaelekea.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Cyprien, fundi wa pikipiki. Cyprien alimwoa Umurerwa, msichana wa vilima vya Masisi, binti ya wafugaji. Ng'ombe wao walichukuliwa wakati wa vita, na familia iliteremka Goma kwa miguu ikakaa kambini chini ya mahema. Umurerwa alifika kwa mabukwe wake, yaani mama mkwe, akiwa na nguo mbili na mikono isiyochoka. Hakuwa mwizi, hakuwa mvivu, hakujibu vibaya. Dancille alimchunguza tangu siku ya kwanza, akakosa cha kumlaumu, na jambo hilo lilimkosesha raha.

Kisha mikono ya Dancille ikaanza kuvimba kwenye vifundo. Siku moja alishindwa kukamua, kitambaa kikamponyoka, tui likamwagika kwenye majivu. Cyprien aliona. Jioni, wakila, akasema maneno ambayo hakika aliyapanga kwa upendo.

"Mama, umetumika sana. Umurerwa achukue jiko. Wewe utakaa, utapokea watu, utalala mchana kama mama za wengine."

Dancille aliendelea kutafuna. Alikuwa amewaona mama za wengine. Aliwaona wamekaa kwenye viti vya plastiki ukutani, wanasogezwa kivuli kinaposogea, wanaletewa sahani ya mwisho. Kwanza wanakuchukulia jiko, halafu kitanda kilicho karibu na dirisha, halafu hakuna anayekuuliza chumvi imetosha.

"Ni vizuri," akasema. "Lakini kwanza tuone mikono yake. Kuna kazi ya mama Léocadie."

Léocadie Baharanyi alikuwa mjane wa mtaa wa Keshero, mtu wa heshima katika parokia. Jumamosi ya wiki ile alikuwa anamaliza kilio cha mumewe, na mumewe alikuwa mtu wa Uvira. Alikuwa amekuja mwenyewe kwa Dancille kuomba wali wa nazi na sambaza wa tui kwa ndugu wote wa marehemu, kwa sababu ndicho chakula ambacho marehemu alikitaja hadi kwenye kitanda cha hospitali. Misa ingekuwa asubuhi, na baada ya misa watu wangekula.

"Umurerwa atapika yote," Dancille akamwambia mwanawe. "Ikipendeza, ufunguo ni wake. Isipopendeza, tusizungumze tena mambo ya kunikalisha."

Cyprien alifurahi. Umurerwa aliinamisha kichwa, akasema asante mama, na usiku ule Dancille aliwasikia wanacheka polepole nyuma ya ukuta wa mbao.

Ijumaa walikuna tangu mchana. Nazi zilikuwa nyingi mno kuziachia asubuhi ya shughuli, na mtu yeyote mwenye akili angeanza siku moja kabla. Umurerwa alikaa juu ya mbuzi, akakuna bila kuinua kichwa, akamwaga maji ya uvuguvugu, akasokota kitambaa hadi mishipa ya mikono ikasimama. Tui la kwanza lilitoka zito, jeupe, linanukia. Dancille alisimama mlangoni akitazama. Lilikuwa tui zuri kuliko lake la siku hizi. Aliliona hilo waziwazi.

Magharibi ilipokaribia, ndoo mbili zilikuwa zimejaa. Umurerwa akajifuta jasho kwa mkono.

"Mama," akauliza, "haya yanalala wapi?"

Kongelateri lilikuwa hatua tatu nyuma yake, linaunguruma. Ndani yake kulikuwa na nafasi ya kutosha ndoo zote mbili zikigawanywa kwenye sashe. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Dancille, umepata joto la ngozi yake. Alichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono.

"Kwenu maziwa mnayaweka wapi?" Dancille akauliza.

Uso wa Umurerwa ulifunguka. Tangu aje katika nyumba ile, hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya kwao. Akaeleza kwa furaha. Maziwa ya jioni, mama yake aliyatia kwenye icyansi, chombo cha mti kilichofukizwa moshi wa majani, akakisogeza karibu na jiko ili yapate joto kidogo, akafunika. Asubuhi yamelala, yameshikana, yana utando juu, na hayo ndiyo kivuguto, ndiyo hupewa mgeni wa heshima. Maziwa mabichi ni ya mtoto tu.

"Basi," Dancille akasema.

Neno moja. Kisha akachukua shuka lake, akaenda kwa jirani yake Donatille kusali rozari.

Umurerwa alizisugua ndoo, akachoma majani akazifukiza moshi kama alivyofanya mama yake, akalirudisha tui ndani. Akazisogeza kwenye ukuta wa jiko wenye joto. Akazifunika kwa kitenge chake kizuri, kile cha harusi. Beseni la nazi iliyokunwa ambayo alitaka kuipaka sambaza akaliweka juu yake, akalifunika pia.

Dancille aliporudi aliyaona yote hayo kwa mwanga wa balbu. Aliweka kiganja juu ya ndoo. Ilikuwa na uvuguvugu, kama paji la uso la mtoto anayeanza homa. Akakiondoa kiganja. Halafu akafungua kongelateri, akahesabu kwa vidole sashe zake mwenyewe, zile za wiki iliyotangulia pamoja na moja kubwa aliyoichota mchana kutoka kwenye ndoo hizo hizo, Umurerwa alipokwenda kuteka maji. Akafunga. Usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa muda mrefu.

Asubuhi Umurerwa alifunua ndoo, akakuta juu kumefanya utando mnene na chini kumebaki maji ya kijivu. Akamwita mumewe aje kuona.

"Angalia, Cyprien. Yamelala vizuri kuliko ya ng'ombe."

Kujitenga si kosa, tui lolote likiachwa hujitenga. Lakini pembeni mwa utando kulikuwa na mapovu madogo yanayopasuka, na harufu ilikuwa imepanda. Kwa pua ya mtu wa pwani hiyo ni harufu ya kumwaga. Kwa pua ya binti wa mfugaji ilikuwa harufu ya nyumbani asubuhi. Alikoroga, akamimina juu ya mchele. Tui lilipopata moto lilikatika, likafanya madonge na mafuta ya njano yanayoelea. Hapo alisita kidogo, akamwangalia mama mkwe. Dancille alikuwa anafunga kilemba mbele ya kioo. Umurerwa akaongeza chumvi, akaendelea.

Keshero walipokelewa kwenye ua uliofunikwa turubai. Ndugu wa marehemu walikuwa wamekaa kwa safu, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Umurerwa alipakua mwenyewe, akipiga magoti mbele ya kila mkubwa, na kwa muda mfupi ua mzima ulikuwa na sauti ya vijiko tu.

Halafu vijiko vikapungua. Haikuwa ghafla. Mtu mmoja aliweka sahani chini ya kiti. Mwingine akaomba maji, akaomba tena. Kakake marehemu, mzee Nsanzimana, ambaye alikuwa amesafiri siku mbili kutoka Uvira, alitafuna polepole, akatazama ndani ya sahani kama anayesoma barua, kisha akatema kwenye kitambaa chake na kukikunja kwa adabu.

"Wameupikia nini wali huu?" akamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini. "Siki?"

Kijana mmoja wa upande wa wanawake akacheka. Ikawa kama mlango umefunguliwa. Watu walianza kunusa sahani zao, wakapeana za wenzao wanuse. Mmoja akasema labda ndiyo desturi ya Masisi, kuwapa watu wali wa kivuguto. Mwingine akasema hapana, Masisi hata mbwa hupewa kilicho kizuri. Umurerwa alikuwa amesimama katikati yao na upawa mkononi. Hakujua aende wapi.

Léocadie aliinuka. Alikuwa bado amevaa nguo nyeusi ambayo angeivua siku ile. Alikuja hadi mbele ya msichana, akamtazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mutoto," akasema, "mume wangu alikukosea nini?"

Umurerwa aliushika upawa kwa mikono miwili. Cyprien alikuwa amesimama kwenye lango akitazama viatu vyake.

Dancille alisubiri. Alisubiri hadi aibu ikaingia vizuri, kama chumvi inavyongojewa iingie kwenye nyama. Kisha akasogea, akamshika Léocadie mkono, akasema dada nisamehe, watoto wa siku hizi wanaharakisha. Nyumbani kulikuwa na chungu kimoja alichopika mwenyewe alfajiri jikoni kwa jirani, kidogo tu, lakini wazee wa familia kingewatosha. Akamgeukia mke wa mwanawe.

"Nenda na pikipiki ukilete."

Umurerwa alikwenda. Alikishika chungu mapajani njia nzima kutoka Murara, kimefungwa kwa kitambaa cheupe, na alipokiweka mezani alikifungua kwa mikono yake mwenyewe. Wali ulikuwa mweupe, unang'aa, kila punje peke yake, na harufu tamu ikatoka ikajaza ua. Wazee wakasogeza viti. Mzee Nsanzimana alikula kijiko kimoja, akafumba macho, akasema hapo sasa nimefika kwetu.

Umurerwa hakusogea. Alikuwa anatazama wali. Alipozungumza alizungumza chini, kwa Dancille peke yake.

"Mama. Hili tui ulilikamua lini?"

"Ni lako. Nilichota jana."

"Jana. Siku moja na lile lingine."

"Siku moja."

"Na lilikuwa wapi?"

"Kwa barafu," Dancille akasema, akamsukuma kidogo kwa kiwiko ili apite na sahani.

Mambo yalikwenda kama alivyotaka. Cyprien hakutaja tena kumkalisha mtu kwenye kiti. Umurerwa aliwekwa kwenye masufuria na makala, yaani makaa, akakatazwa kugusa nazi. Mtaani walimwita Mama Kivuguto, hata watoto wadogo wasiojua sababu. Alipopita na ndoo ya maji akina mama walimuuliza kama maji yamelala vizuri. Aliitika jina hilo. Kitenge chake cha harusi kilibaki na harufu ambayo sabuni haikuiondoa, akakifanya kitambaa cha kushikia masufuria, na Dancille alilazimika kukiona kila siku.

Alichongojea Dancille ni mashitaka. Kila jioni alingoja Cyprien aje kumuuliza: mama, ulijua? Alikuwa ameshaandaa jibu. Angesema alidhani msichana anajua, angesema alikuwa kwenye rozari. Cyprien hakuja. Msichana hakuwa amemwambia. Alimwamkia mama mkwe asubuhi, alimletea maji ya moto ya kukanda mikono, alimpisha mlangoni. Dancille alianza kuamka kabla ya wote ili anuse sufuria. Halafu akaanza kunusa mara mbili, alipofika na alipokuwa anaondoka. Mtu asiyesema kitu, huwezi kujua amesimama upande gani.

Jumapili moja alirudi kutoka misani na kumkuta Umurerwa anasugua masufuria nje. Kesho yake kulikuwa na chakula cha ubatizo, watu wengi, na kongelateri lilikuwa limejaa tui hadi juu, nazi za lori zima.

"Mama," Umurerwa akasema bila kuacha kusugua, "courant ya umeme ilikatika muda ule ulikuwa kanisani. Ilikaa sana. Imerudi kitambo."

Dancille alikimbia ndani bila kuvua viatu. Sashe zilikuwa ngumu na bapa. Akazigonga, zikalia kama vigae. Lakini tui lililoyeyuka likagandishwa tena linaweza kuwa gumu vilevile, na barafu haitoi harufu. Alikwangua kipande akakiweka ulimini. Baridi tu, ulimi ukafa ganzi. Moja ikiwa nzima haikushuhudia nyingine; ili kujua ingebidi aziyeyushe zote, na zikishayeyuka zisipopikwa leo hii zimekwisha. Alisimama hapo akiona ua mwingine, safu nyingine ya watu, kijiko kinashuka, mtu mwingine katika nguo ya heshima anakuja mbele yake na kumuuliza swali. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Hakuna mwingine wa kuulizwa.

Alizitoa zote. Alizipasua moja moja nyuma ya jiko, juu ya mawe meusi, na kwa jua la mchana vipande vyeupe vikaanza kuyeyuka na kuingia kwenye nyufa. Mbwa wa jirani alikuja akalamba, akalamba tena, akalala hapo hapo ametosheka. Ubatizo ule aliukataa. Mwenye sherehe alimtukana kwa simu, akaenda kwa mpishi mwingine, na hakurudi.

Jioni Donatille alikuja kuomba makala, akasikia habari, akashangaa. Nyumba yake ilikuwa kwenye waya mmoja na ya Dancille. Mguu ulikuwa unamuuma asubuhi ile, hakwenda kanisani, alisikiliza misa yote redioni mwanzo hadi baraka. Umeme haukukatika hata dakika moja.

Dancille alitoka nje. Umurerwa alikuwa amepanga masufuria juu ya ubao, yanang'aa, midomo chini.

"Uliniambia courant ilikatika."

Umurerwa alijifuta mikono kwa kile kipande cha kitenge. Hakuharakisha.

"Pengine niliona vibaya, mama. Mimi mutu wa ng'ombe. Vitu vya barafu sivijui."

Macho yao yalikutana, na Dancille ndiye aliyeangalia pembeni. Angemwambia nini Cyprien? Kwamba msichana alimdanganya? Cyprien angeuliza kwa nini amdanganye, na swali hilo lilikuwa na njia moja tu ya kujibiwa.

Jumapili iliyofuata kengele ya parokia ililia. Cyprien na mkewe walikuwa wamevaa. Mama, huji? Dancille akasema kichwa kinamuuma. Walipotoka, alivuta kiti cha plastiki akakiweka mbele ya kongelateri, akakaa, akaweka kiganja kilichovimba juu ya kifuniko ili kisikie mngurumo. Akakaa hivyo hadi kivuli kilipomhama, akasogeza kiti.

Jumapili nyingine alikaa tena. Dada yake alipofariki Rutshuru, alimtuma Cyprien aende kumzika, yeye akabaki kwenye kiti.